Kijiko kilekile, chai mbili

Watu wa Tanga hatupimi mchaichai. Ukiwa na nyumba yenye ua, hata ua mdogo wa Makorora au Chumbageni, kichaka chake kipo pembeni, karibu na bomba au pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Anayetaka chai anatoka na kisu, anakata anachokata, anafunga fundo na kulitumbukiza kwenye sufuria. Fundo likiwa kubwa leo na dogo kesho, hakuna anayelalamika. Jani bichi linasamehe sana, maana sehemu kubwa ya uzito wake ni maji matupu.

Maswali huanza jani linapokauka. Siku hizi soko la Mgandini lina vifuko vya mchaichai mkavu, tangawizi ya unga, mlonge wa unga, mwarobaini wa unga, na kila muuzaji ana maelezo yake ya vijiko. Wanaotumiwa vifuko hivyo na ndugu zao, wale wanaoishi Dodoma au Mwanza ambako hakuna kichaka uani, hupiga simu nyumbani kuuliza: niweke kiasi gani? Anayejibu simu ni mama au shangazi aliyezoea kibichi maisha yake yote. Anataja kipimo cha kibichi. Aliyepiga simu anakitumia kwa kikavu.

Nitaanza na mchaichai kwa sababu hesabu yake ni nyepesi, halafu nije kwenye tangawizi, ambako hesabu hiyohiyo ina meno.

Nilipima kwa mizani ndogo ya jikoni. Majani mabichi ya mchaichai, gramu 100, nikayakata vipande vya urefu wa kidole na kuyatandaza kwenye ungo chumbani, dirisha wazi, mbali na jua. Yalipokauka mpaka mshipa wa katikati ukavunjika kwa sauti badala ya kupinda, uzito wake ulikuwa karibu robo ya ule wa mwanzo. Ndivyo ilivyo kwa majani mengi ya chai yanayotumika kwetu: nanaa, mrehani, mchaichai. Robo tatu au zaidi ni maji. Ndiyo maana kanuni ya jikoni inasema sehemu tatu za kibichi ni sawa na sehemu moja ya kikavu. Nanaa, yenye maji mengi zaidi, inaweza kufika hata tano kwa moja au kuzidi.

Kwa hiyo kama sufuria yako ya lita moja inapata gramu 20 za mchaichai mbichi, yaani majani kadhaa marefu yaliyofungwa fundo, basi mkavu unahitaji gramu tano au sita. Mkavu uliokatwa ni mwepesi kama makapi, kwa hiyo gramu hizo ni vijiko vikubwa vitatu hivi vilivyojaa kwa ulegevu. Uliosagwa unga ni habari nyingine. Unga hujipanga vizuri ndani ya kijiko bila nafasi za hewa, na kijiko kikubwa kimoja cha unga kinaweza kuwa na uzito wa vijiko viwili au vitatu vya majani yaliyokatwa. Mtu akikwambia "vijiko vitatu" bila kusema vya nini, bado hajakwambia kitu.

Hadi hapo ni hesabu ya maji tu. Ila jani linapokauka halipotezi maji peke yake, na hapa ndipo wengi tunapotea.

Harufu ya mchaichai inatoka kwenye mafuta mepesi, na lililo kubwa ndani yake linaitwa sitrali, lile linaloleta ule mnuso wa ndimu. Mafuta haya yanaruka. Yanaruka jani likianikwa, yanaruka zaidi likianikwa juani, na yanaendelea kuruka ndani ya kifuko kilichokaa miezi dukani. Vitu vizito, kama vile vinavyoleta uchungu, ukakasi na rangi, haviruki. Vinabaki palepale kwenye jani, sasa vikiwa vimebanana kwa sababu maji yameondoka.

Fikiria anachofanya mtu mwenye kifuko cha mchaichai wa zamani. Anaweka kipimo sahihi, ananusa, haoni ile harufu aliyoizoea nyumbani. Anaongeza kijiko. Ananusa tena. Anaongeza kingine. Akifika kwenye harufu anayoitaka, au akikaribia, ameshatia mara tatu au nne ya vile vitu vizito. Chai inakuwa nyeusi, inakwaruza ulimi, na bado hainukii kama ya nyumbani. Pua imempimia mafuta yanayoruka. Haina habari na yaliyobaki. Kwa mchaichai hasara ni ladha mbaya, basi. Kwa mimea yenye nguvu zaidi, kuongeza kwa kufuata harufu ni kujipimia dozi kwa kitu ambacho hakihusiani na dozi.

Mkavu ukiwa hauna harufu, umezeeka. Utupe, tafuta mwingine. Kuongeza wingi hakuurudishii kilichoondoka.

Harufu hiyo tunaipoteza hata kwenye sufuria, kwa mtindo wetu wa kuchemsha mchaichai bila mfuniko mpaka nyumba nzima inukie. Tunaifurahia, lakini harufu iliyojaa sebuleni haimo kikombeni. Wanaokamua mafuta ya mchaichai kwa ajili ya sabuni hufanya hivyohivyo, hupitisha mvuke kwenye majani na kuukusanya, kwa sababu mafuta hupanda na mvuke. Chemsha maji kwanza, tia majani, funika, zima moto, subiri dakika kumi. Mkavu uliokatwa unatosha dakika tano hadi kumi. Ukitaka kuchemsha zaidi ili "itoke vizuri", kinachotoka zaidi ni ukakasi.

Sasa tangawizi.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa na ujauzito mchanga na asubuhi zake zilikuwa mbaya. Hakuna kilichokaa tumboni. Alimpigia shangazi yetu, ambaye anaishi Ngamiani na kwa mambo ya wajawazito hana mpinzani kwenye ukoo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kichefuchefu bado?"

"Bado, shangazi. Naambiwa ninywe tangawizi."

"Kunywa. Kijiko kikubwa kimoja kwenye maji, ugawe mara mbili kwa siku. Usizidishe."

Ushauri mzuri kabisa. Shangazi anapikia tangawizi mbichi, ile inayoshuka kutoka milimani na nyingine inayokuja kutoka Same. Anaiosha, anaikwaruza, anachota kijiko. Wifi anaishi mjini kwenye chumba kimoja, alikuwa na kopo la tangawizi ya unga. Alichota kijiko kikubwa, akagawa mara mbili kama alivyoelekezwa. Siku ya pili alikuwa na kiungulia kilichomzidi kile kichefuchefu, kifua kinawaka, hawezi kulala chali. Akampigia tena shangazi, na shangazi, akidhani chai ni nyepesi ndiyo maana haisaidii, akamwambia aiongeze kidogo. Bahati nzuri wifi hakuthubutu. Akaja kwangu na kopo lake.

Tuliipima. Kijiko kikubwa cha tangawizi mbichi iliyokwaruzwa kilikuwa na gramu sita hivi. Kijiko kikubwa cha unga, kilichosawazishwa kwa kisu, kilikuwa na gramu tano na kitu. Karibu sawa, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Mizani inasema sawa, macho yanasema sawa, lakini tangawizi mbichi ni maji kwa sehemu nne kati ya tano. Zile gramu sita za shangazi zina tangawizi yenyewe kama gramu moja na kidogo. Unga una unyevu kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo gramu tano zake zina tangawizi karibu gramu tano. Wifi alikuwa anakunywa mara nne ya alichoambiwa, kwa kijiko kilekile.

Gramu moja ya tangawizi kavu kwa siku ndicho kiasi ambacho tafiti nyingi za kichefuchefu cha ujauzito zimekitumia. Shangazi, ambaye hajawahi kushika mizani ya aina hiyo, alikuwa yupo palepale. Gramu tano zimevuka hata kiwango kinachotajwa mara nyingi kwa mtu mzima asiye mjamzito, yaani kama gramu nne kwa siku.

Kisha kuna jambo la pili, ambalo kwa tangawizi linaifanya kanuni ya "tatu kwa moja" isitoshe. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kitu kinachoitwa jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, na ikipikwa kwa muda, sehemu ya jinjeroli inageuka kuwa kitu kingine, shogaoli, ambacho ni kikali zaidi ulimini na kooni. Hivyo tangawizi kavu si mbichi iliyopungukiwa maji tu. Imebadilika. Imepoteza ule unukio wa limau na imeongeza moto. Hii ni kinyume cha mchaichai: kule mkavu ni mpole kwa pua kuliko mbichi, huku mkavu ni mkali kwa koo. Mtu anayeamini kwamba kila kikavu ni dhaifu, kwa hiyo lazima kiongezwe, atajiunguza kwa tangawizi.

Tulichofanya ni kumrudisha wifi kwenye kijiko kidogo cha chai, nusu yake, kwa siku nzima. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha tangawizi ya unga ni kama gramu mbili, nusu yake ni gramu moja. Akaimimina kwenye vikombe viwili, akala mkate kidogo kabla. Kiungulia kiliisha. Kichefuchefu kilipungua, hakikuisha, kikaondoka chenyewe baadaye kama kinavyoondoka kwa wengi. Na kliniki alimweleza muuguzi anatumia nini na kiasi gani, jambo ambalo wajawazito wengi huku kwetu hulificha, kwa kuogopa kugombezwa.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu ya lile neno la shangazi kwenye simu ya pili: ongeza. Yeye alikuwa na nia njema na uzoefu wa miaka. Isipokuwa alikuwa anafikiria mbichi, na dalili iliyosababishwa na kuzidi aliisoma kama dalili ya kupungua. Chai ya mimea ina mtego huo. Kiungulia, kuharisha, kizunguzungu, moyo kwenda mbio baada ya kunywa, mara nyingi tunaambiwa ni "dawa inafanya kazi" au "ugonjwa unatoka". Ukiona dalili mpya ambayo hukuwa nayo kabla ya kuanza kunywa, acha kunywa kwanza. Usiongeze, usipunguze, acha. Ikiondoka ndani ya siku moja au mbili, umepata jibu. Isipoondoka, nenda ukaonane na daktari na umtajie ulichokuwa unakunywa.

Kuna imani nyingine inayoandamana na hiyo, na hii nimeisikia kwa watu wasomi kabisa: kwamba chai nzito ni salama zaidi. Ukiwauliza salama kwa vipi, hutoa sababu tatu tofauti bila kujua kwamba ni tofauti.

Ya kwanza ni vijidudu. Majani yameanikwa chini, yamepigwa vumbi la barabara, kwa hiyo chemsha sana, weka mengi, yaviue. Kinachoua vijidudu vya maji ni moto. Maji yakitokota sawasawa kwa dakika moja, vijidudu vinavyoleta kuharisha vimekufa, uwe umetia jani moja au kilo moja. Majani mengi zaidi hayaongezi usafi. Kama ni machafu, yanaongeza uchafu. Tena zipo bakteria ambazo hujifungia kwenye ganda gumu na kustahimili kuchemshwa, na viungo na majani makavu huwa nazo mara kwa mara. Chai ikiachwa mezani usiku kucha kwenye joto letu la pwani, zinaamka na kuzaana. Uzito wa chai hauzizuii. Ile birika ya mwarobaini inayochemshwa Jumatatu ili inywewe hadi Jumatano ni hatari zaidi kuliko kikombe chepesi cha papo kwa papo. Chemsha ya siku hiyo. Kama una friji, inaweza kulala humo hadi kesho yake. Iliyobaki nje mpaka asubuhi, mwaga.

Ya pili ni ukungu. Hapa Tanga kukausha ni kazi, hewa yenyewe ina maji, na wakati wa masika jani linaweza kukaa kwenye ungo siku nyingi likiwa halijafa wala halijakauka. Ukungu ukilipata, baadhi ya aina zake hutoa sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Sumukuvu haifi kwa kuchemsha. Tangawizi iliyokaushwa vibaya ni moja ya viungo vinavyojulikana kuipata. Kwa hiyo kuchemsha sana tangawizi yenye ukungu hakuisafishi, na kuitia kwa wingi ili chai iwe nzito ni kuongeza sumu yenyewe.

Jinsi ya kutambua: kavu halisi inavunjika, haipindi. Ukiitia kwenye chupa ya kioo iliyo kavu na kuifunga, kesho yake asubuhi tazama upande wa ndani. Ukiona umande kwenye kioo, haijakauka, irudishe kwenye ungo. Ikinuka uvundo kama nguo zilizolala mbichi, au ina utando wa kijivu au kijani kwenye mikunjo, itupe yote. Usikate sehemu mbaya ukabakiza nzuri. Nikinunua Mgandini nanunua tangawizi kavu ya vipande na kuitwanga mwenyewe kwenye kinu, kwa sababu kwenye vipande naona ninachonunua. Kwenye unga sioni.

Kavu isiyokauka inavuruga vipimo pia. Jani lililonyauka nusu lina maji ya kiasi ambacho hakuna anayekijua, si ile robo tatu ya mwanzo wala si sifuri. Kanuni ya tatu kwa moja haifanyi kazi hapo. Maliza kukausha, ndipo upime.

Sababu ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi mioyoni, kwamba kinachotibu kikizidi kitatibu zaidi. Watu wakishafika hapo huchemsha maji vikombe vinne "mpaka yabaki kimoja". Tufanye hesabu ya sufuria hiyo. Umetia majani ya vikombe vinne. Maji yameondoka kama mvuke, na harufu imeondoka nayo. Vitu vizito havikuondoka. Kikombe kimoja kilichobaki kina kilichokuwa kigawanywe kwa vinne, pamoja na ziada iliyokamuliwa na moto wa muda mrefu. Kama majani hayo yalikuwa makavu na yalipimwa kwa kijiko cha mabichi, zidisha tena kwa tatu au nne. Mtu huyo anaweza kunywa mara kumi ya alichokusudia, akiwa ameshika kikombe kimoja tu mkononi, na akiulizwa atasema kwa unyoofu kabisa: nilikunywa kikombe kimoja.

Mmea ambao hesabu hii inaniogofya zaidi ni mwarobaini. Uko kila mtaa, ni wa bure, na uchungu wake hauruki. Mkavu ni mchungu kama mbichi, gramu kwa gramu ni mchungu kuliko mbichi. Watu huuchukulia uchungu kama kipimo cha ubora: ukikunja uso ndiyo dawa. Jani la mwarobaini linaweza kushusha sukari ya damu, na mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge vyake asubuhi kisha akashushia kikombe kilichochemshwa mpaka kubaki robo anaweza kushuka kupita kiasi: jasho jembamba, mikono inatetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Nyumbani wataita presha, au jini. Mpe kitu chenye sukari mara moja, soda ya kawaida au maji ya sukari, ikiwa bado anaweza kumeza, kisha hospitali. Mjamzito asipewe. Mtoto mdogo asipewe kabisa, jani wala mafuta. Mafuta ya mwarobaini yameshadhuru vibaya watoto wachanga waliopewa kwa nia ya kuwatibu.

Na homa. Huku kwetu homa ikiingia, mwarobaini ndio wa kwanza kuchemshwa, na isiposhuka siku ya kwanza, ya pili unachemshwa mzito zaidi. Siku hizo mbili ndizo zinazoua mtoto mwenye malaria. Chai nzito haimfanyii kipimo. Zahanati wanatoboa kidole, jibu linatoka ndani ya dakika ishirini hivi, na kama ni malaria kuna dawa mseto. Sina ugomvi na anayekunywa mwarobaini. Nina ugomvi na homa inayosubirishwa nyumbani ili chai ikolee.

Wapo wengine ambao hata tangawizi ya kawaida wanapaswa kuiulizia kabla hawajaizidisha. Anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu tangawizi nyingi inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Anayesubiri upasuaji pia, kwa sababu hiyohiyo. Mwenye mawe ya nyongo. Kikombe chenye kipande cha mbichi kwenye chai ya jioni hakijawahi kumtisha daktari yeyote ninayemjua. Vijiko vya unga kila siku, wiki baada ya wiki, ni jambo la kumwambia.

Kwa anayenunua kifuko na hana mizani, ninavyofanya mimi ni hivi. Kwanza nauliza kipimo kilichotajwa ni cha kibichi au kikavu. Kama aliyenipa hajui, nachukulia ni cha kibichi, na kwa majani nachukua theluthi yake, kwa tangawizi nachukua moja ya tano. Kama ni unga, napunguza tena, na nasawazisha kijiko kwa mgongo wa kisu, maana kijiko chenye kichuguu kinabeba karibu mara mbili. Maji sipunguzi. Nafunika. Nakunywa kikombe kimoja siku ya kwanza na kungoja nione tumbo linasema nini, na kama sikuridhika na ladha naongeza ndimu au sukari badala ya kijiko kingine cha unga. Mmea ambao sijawahi kuunywa siuchanganyi na mwingine siku hiyo, ili ukinisumbua nijue ni upi.

Wifi alijifungua salama, mtoto wa kike. Lile kopo la unga bado analo, ila juu ya mfuniko ameandika kwa kalamu ya wino mzito: nusu kijiko cha chai, kwa siku. Shangazi alipoliona alitaka kujua nani amepunguza dawa yake. Tulimkwaruzia kijiko chake kikubwa cha mbichi, tukakianika kwenye sahani dirishani, na kilipokauka tukamwonyesha kilichobaki: kijiko cha chai hakikujaa. Akakitazama, akakinusa, akasema hiyo ndiyo aliyokuwa anaimaanisha siku zote.